Maji ya Kifuu

Ugomvi wa Mzee Sefu na Mzee Athumani ulianzia kwenye shilingi elfu sitini. Mashua ya Juma ilikuwa imeegemezwa kwa magogo pwani ya Kunduchi, tumbo wazi, ikingoja kalafati ya kuziba mishono kabla ya bamvua la Alhamisi. Bei aliipatana Sefu peke yake, Athumani akiwa msikitini.

"Sitini? Mishono yote hii, siku tatu, watu wawili?" Athumani aliweka chini chembeu yake. "Mwamba ngoma huvutia kwake. Wewe umemvutia Juma."

"Mkataa pema, pabaya panamwita," Sefu akajibu, huku akisokota pamba kwenye paja. "Na maji ya kifuu, bahari ya chungu."

Athumani akamgeukia. Miaka arobaini wamefanya kazi pamoja, na kwa kawaida methali ya mmoja hujibiwa na ya mwenzake kabla haijatua.

"Yaani mimi mdudu?"

"Sijasema wewe. Nimesema chungu. Sisimizi. Ukimtia kwenye kifuu, kwake ni bahari, anaogelea na kuzama."

"Hapo ndipo ulipopotea. Chungu ni cha kupikia. Kifuu ukikitia mpini ni kata. Unachota kata moja, unachota ya pili, chungu kinajaa, kwake ni bahari. Maana yake mtu akusanye, siyo aridhike na kifuu kimoja kama ulivyoridhika na sitini."

"Hiyo ni haba na haba, bwana. Usiivishe methali kanzu ya mwenzake."

"Debe tupu haliachi kuvuma."

Wakanyamaza, na huko kwao kunyamaza ndiyo matusi. Sefu akahamia ubavu wa kulia, Athumani akabaki wa kushoto. Kila mmoja akachovya pamba yake kwenye mafuta ya nazi, akailaza kwenye mshono, akaigonga kwa chembeu. Kazi hii haitaki hasira. Ukishindilia pamba kupita kiasi kwenye mbao zilizokauka juani, zikirudi majini zinavimba, zinasukumana na kung'oa misumari. Ukiilegeza, maji yanapita. Fundi husikiliza nyundo: mlio ukibadilika, pamba imekaa. Siku ile kila mmoja alikuwa akisikiliza nyundo ya mwenzake ili aikosoe.

Jumatano wakapika deheni, mafuta ya ng'ombe na chokaa, wakaipaka tumboni kwa viganja ingali vuguvugu. Mshono ulio kando ya mkuku, upande wa tezi, Sefu alijua ni wa Athumani. Athumani alijua ni wa Sefu. Deheni ikaufunika, ukawa mweupe kama mingine.

Alhamisi saa kumi alasiri maji yakajaa hadi kwenye magogo. Vijana wanane wakaisukuma mashua, ikaelea, Juma akapiga kigelegele kama mama wa bibi harusi. Kabla hajamaliza, miguu yake ikalowa.

"Wazee wangu! Maji!"

Wazee wakakunja vikoi wakapanda. Maji yalikuwa yakipanda taratibu kutoka chini ya taruma la nyuma, na vipande vya deheni vikielea juu yake. Hapakuwa na ndoo. Palikuwa na kifuu cha Juma cha kunywea maji, na kata ya Athumani ya mafuta.

"Mshono wako," Sefu akasema, akichota.

"Wako."

"Wetu basi. Chota!"

Wakachota. Juma alikuwa amepiga magoti, akisokomeza kitambaa kwenye mshono kwa kisu, akiapa kwamba safari ijayo atatafuta mafundi mabubu. Kufikia kata ya sitini na kitu (Athumani alikuwa akihesabu kwa sauti, labda kwa makusudi) maji yakaacha kupanda. Mashua ikarudishwa mchangani maji yangali yamejaa, na mshono ukaachwa ukauke hadi asubuhi.

Sefu alifika wa kwanza, akakwangua deheni, akaanza kusokota pamba. Athumani akaja na birika na vikombe viwili, akasimama nyuma yake. Kifuu cha jana kilikuwa kimelala mchangani na tone la chai ya Juma ndani, na ukingo wake ulikuwa mweusi kwa sisimizi. Athumani akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Chungu ameamkaje?" akauliza.

Sefu akaisikia ile "a". Nyundo yake ikasita juu ya chembeu.

"Hakijambo," akasema. "Bado hakijajaa."

Athumani akaketi kwenye mchanga, akammiminia kahawa.

"Elfu sitini ni kidogo, Sefu."

"Ni kidogo. Nishikie pamba hapa."