Matembezi ya Mji wa Kale, Mombasa

Karibuni, walimu wangu. Maji mnayo? Tuanzie hapa mbele ya Ngome ya Yesu, kwenye kivuli. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mawe ya matumbawe. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 wakaiteka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Humo ndani njaa na maradhi viliua kuliko mizinga. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela hadi 1958. Mengine mtayaona makumbusho. Leo safari yetu ni mitaani.

Haya, twende. Hii ni Ndia Kuu. Shikeni upande wa kushoto, tuktuk hazina huruma. Tembeeni tu, ila inueni macho: roshani hizo za mbao zilizochongwa zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Na milango, tazameni nakshi zake, lakini msipige picha za wenyewe barazani bila ruhusa.

Simameni kidogo, waliobaki nyuma watufikie. Mnara huu mweupe, uliochongoka juu, ni wa Msikiti wa Mandhry, miongoni mwa misikiti mikongwe ya mji inayosaliwa hadi leo. Tuzungumze taratibu, adhuhuri inakaribia.

Sasa tunateremka kuelekea Bandari ya Kale. Majahazi yaliletwa na kaskazi kutoka Uarabuni na India, yakarudi na kusi. Ngazi zinateleza, mama, nipe mkono. Chini kuna kahawa chungu na kashata, nani anataka?