Mistari ya akiba ya bibi shamba, semina ya sumukuvu Kibaigwa

Dada, hii ndo mistari yako ya Jumamosi. Isome kwa sauti mara mbili tatu ikae mdomoni, afu siku yenyewe karatasi ibaki kwenye pochi. Nimejaribu kuandika vile unavoongea wewe na wakulima, sio vile ninavoongea mimi kwenye maharusi ya watu, so ukikuta neno halikukai litupe weka lako.

MAIKI

Ikikata katikati ya sentensi usiigonge gonge na kidole wala usianze haloo haloo moja mbili. Ishushe, sogea mbele, malizia sentensi yako kwa sauti ya shambani, ndo useme:

"Wa kule nyuma mnanisikia? ... Hapana? Sasa swali mmelisikiaje? Haya songeni, viti vya mbele havina ushuru."

Ikianza kupiga ule mluzi wa kutoboa masikio:

"Afadhali hii ikiharibika inapiga kelele. Sumukuvu haipigi kelele jamani, hainuki, haina ladha, unaweza ukala ugali mtamu kabisa na sumu imo humo humo."

Ikifa jumla na fundi mitambo anahangaika na nyaya:

"Mbukwenyi! ... Eeh, kumbe sauti tunazo. Tufanye hivi, nikisema jambo kubwa nyie wa safu za kati mnawarushia wa nyuma. Tujaribu. Mahindi hayaanikwi chini! ... Wa nyuma mmepata? Sasa yanaanikwa wapi?"

Hapo nyamaza. Waache wabishane wenyewe, kuna atakayesema turubai na kuna atakayesema kichanja, wote wamepatia, na kuna mzee lazima atasema mbona baba yangu alianika chini na hatukufa. Huyo mjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee wangu. Baba yako alikuwa na jicho la kuchagua mazao, ila kuvu linaishi kwenye udongo, ndo maana leo tunaweka turubai katikati ya punje na udongo." Basi, usimuendeleze ubishi.

Maiki ikirudi usiseme samahani kwa usumbufu, sema:

"Asante fundi. Tulikuwa tumeishia wapi? Atakayenikumbusha ndo hakuwa anasinzia."

PROJEKTA

Hapa ndo nimekaa sana maana najua zile picha umezipenda. Ikizima, mstari wa kwanza huu:

"Picha iliyokuwa inakuja ni gunzi lenye kuvu la kijani kwa njano. Nani hajawahi kuliona, anyooshe mkono? ... Hakuna. Basi picha mnayo kichwani, tuendelee."

Kwenye ile ramani usitanie hata kidogo. Sauti shusha, ongea pole pole:

"Ukutani pale ilikuwa inakuja ramani ya mwaka 2016. Tuiache, maana inatuonyesha sisi wenyewe, Dodoma, na majirani zetu Manyara. Watu waliugua tumbo, macho yakageuka njano, ini likaharibika, na karibu watu 20 walikufa. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui na jirani zao, walikufa 125. Walikula mahindi, haya haya tunayoyajua. Na mama zangu, walipika vizuri tu, ila moto wa jikoni hauimalizi hii sumu."

Kaa kimya kidogo. Afu toa chupa. Hii beba hata kama projekta ni mpya, sikiliza: chupa mbili kavu zinazopitisha mwanga, chumvi kavu, mahindi makavu na mahindi ambayo hayajakauka sawasawa.

"Picha zimelala, ila mkono wangu umeamka. Nani aje anisaidie? Mama karibu. Weka mahindi theluthi ya chupa, haya. Chumvi vijiko vitatu, iwe kavu kabisa. Funga, tikisa kwa nguvu, tikisa kama dakika moja. Na hii nyingine apewe kijana yule anayechati pale. Haya ziwekeni mezani dakika 15 tuone ipi inasema ukweli."

Zikikaa pale mezani unaendelea na mfuko wa kinga njaa, uwe nao mkononi sio kwenye picha: "Shikeni, uzungushwe. Plastiki mbili ndani, kiroba nje. Kila plastiki inafungwa peke yake, hewa itoke kwanza. Ukitobolewa na panya umebaki kiroba cha kawaida. Na ukiweka mahindi mabichi humu umejifungia ugonjwa mwenyewe."

Afu unarudi kwenye chupa:

"Angalieni. Hii chumvi imenata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Hii imeshuka chini haikunata, maana yake unyevu uko chini ya asilimia 15. Ila msikimbilie ghalani, tunataka 13, ongeza jua."

Nakwambia projekta ikiwaka wakati huo watakuwa hawaitaki. Ikiwaka mwambie tu kijana wa kompyuta aiache kwenye picha ya mwisho, usianze kurudisha nyuma slaidi moja moja, watu watasinzia.

Umeme ukikatika ukumbi mzima: "Fungueni madirisha. Jua la Kibaigwa halina luku, na ndo hilo hilo tunalolitafuta kukaushia." Inatosha.

WANAOCHELEWA

Siku ya gulio hawa utawapata tu. Mmoja mmoja akiingia usisimame kabisa, mwonyeshe kiti kwa mkono huku unaongea. Wakiingia kundi:

"Karibuni, karibuni. Benchi ni la watu wanne, leo tunapiga lumbesa, ila sokoni msipige. Sogeeni wakae." Hapo wafanyabiashara watacheka kwa aibu, wanajijua.

Mzee akiingia na fimbo yake: "Shikamoo baba. Kijana mpishe mzee hapo mbele. Baba tumefika kwenye kukausha, hujapitwa na mavuno." Usimtanie zaidi ya hapo.

Mwenye simu inayoita mpaka anakaa: "Kama ni mteja mwambie mahindi yanapimwa chumvi kwanza, bei baadae."

Mheshimiwa diwani akiingia na msafara katikati ya ile habari ya 2016, hii ndo ngumu maana itifaki inataka umtambue na stori inataka utulivu. Malizia sentensi yako kwanza, afu:

"Mheshimiwa diwani, karibu sana, kiti chako kipo. Wananchi wako tulikuwa tunawakumbuka wenzetu waliotutoka 2016, naomba nimalize hili kwa dakika mbili ndo tukusalimie inavyostahili."

Hakuna mwanasiasa atakayekataa hiyo mbele ya watu. Ila ukimaliza umsalimie kweli, usisahau, vinginevyo mwenyekiti wa kijiji ataingilia kati akutambulishie msafara wote hadi dereva.

Anayeuliza kwa sauti "mmeanza saa ngapi?": "Tumeanza saa tatu ndugu yangu. Jirani yako atakupa mambo matatu kwa kunong'ona, anika juu, kausha, funga vizuri. La nne tunalo hapa sasa hivi, kaa."

Na yule atakayetokea harufu ya pilau imeshafika mlangoni:

"Ndugu umewahi kabisa. Ila kabla hujanawa, chupa ile pale mezani, iangalie utuambie mahindi haya ya kuweka ghalani au ya kurudisha juani. Ukikosea unakula wa mwisho."