Nukta mkato

Ijumaa ya Ramadhani, saa kumi na dakika 42 jioni, oda za futari zinaingia kama mvua, na mimi mwezi wa pili tu kazini nikaambiwa nifute oda za majaribio. Kitu cha dakika moja. Nikaandika kwenye noutipadi nikapesti kwenye psql ya prodakisheni:

```sql
DELETE FROM oda;
WHERE hali = 'jaribio';
```

Umeiona? Mimi sikuiona. Kwanza ikaja `DELETE 48213`, halafu chini yake ndo eti `ERROR: syntax error at or near "WHERE"`. Kumbe Postgres imeshamaliza mstari wa kwanza na kukomiti yenyewe, inanilalamikia wa pili. Nikaandika `ROLLBACK` na mikono inatetemeka, ikanijibu hakuna transaksheni yoyote. Na jedwali la vyakula vya kila oda nalo limebaki tupu, lilikuwa na `ON DELETE CASCADE`. Dah.

Nilikaa kama sekunde kumi nikiwaza kufunga laptopu nipande daladala niende zangu Mbagala nisirudi tena. Halafu nikasema kwa sauti ndogo, "Dada Rehema, nimefuta oda zote."

Hakupiga kelele. Akauliza, "Saa ngapi kamili?" Nikamtajia. Akageuka, "Kaka Musa, funga app, isipokee oda mpya. Wewe usiguse kibodi."

Bakapu ya saa nane usiku ilikuwepo, na logi za WAL zinahifadhiwa seva nyingine, kwa hiyo wakainua seva ya pembeni, wakairudishia bakapu, wakaiambia icheze logi zote iishie hapa:

```
recovery_target_time = '2025-03-14 16:41:30+03'
```

Ilichukua dakika 50. Dakika 50 hizo ndo nilizozeeka, maana simu za huduma kwa wateja zinalia na bodaboda wamejaa nje hawajui wapeleke wapi, ikabidi dada wa huduma awapigie mmoja mmoja wamsomee oda zilizobaki kwenye skrini za simu zao, anaandika kwenye daftari. Seva ilipowaka Musa akahesabu mara mbili, akatoa majedwali mawili kwa `pg_dump`, akayarudisha. Oda chache zilizoingia baada ya kosa langu hazikugongana na za zamani, sababu ukifuta mistari namba za ID haziruki nyuma. Zile za majaribio zikarudi pia, aisee, zimekaa tu zinaniangalia.

Adhana ikatukuta bado ofisini. Bodaboda mmoja akaingia na mfuko wa sambusa na tambi, mteja kachoka kusubiri kakataa. Dada Rehema akagawa tende, akanisogezea laptopu yake, "Ibadilishe oda hiyo iwe imeghairiwa."

Nikaandika `BEGIN;` kwanza. Halafu WHERE. Halafu nikamwita aje aisome.