Tuzo ya Utumishi Uliotukuka: Sista Tulinagwe, Muuguzi Mkunga

Mheshimiwa mgeni rasmi. Viongozi wetu wa kijiji na wa dini. Wauguzi wenzetu, ndugu na majirani.

Leo ni tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani. Zahanati yetu hapa Rungwe inamwita mbele Sista Tulinagwe. Ametimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Tungeruhusiwa, tungemwongezea mingine.

Alipangiwa huku akiwa binti. Barabara ilikuwa tope tupu. Usiku alizalisha kwa mwanga wa chemli. Wengi waliomba uhamisho. Yeye alibaki.

Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Mtoto njiti haiwezi. Mwili wake hauna mafuta, joto linamtoka upesi. Na sisi mashine ya kumtunzia joto hatuna. Sista alimvika kofia na soksi, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Akawafunga pamoja kwa kanga. Juu akaweka blanketi. Maziwa ya mama yalikamuliwa kwenye kikombe, mtoto akanyweshwa kidogo kidogo. Kisha Sista alirudi, akashika nyayo. Akarudi tena, akashika nyayo. Zikiwa za baridi, hakuna aliyelala usiku huo.

Mama akichoka, aliitwa baba. Mwanzoni wanaume waliona aibu. Sista aliwaambia, vua shati, keti hapa. Wakaketi. Siku hizi baba kumbeba njiti kifuani si ajabu tena kijijini kwetu. Kwa hilo pekee angestahili tuzo hii.

Alikuwa mkali, tuseme kweli. Usiponawa mikono, leba huingii. Lakini mwanamke akilia kwa uchungu, ole wake muuguzi atakayemfokea. Wapo akina mama waliotoka mbali kuja kujifungulia hapa kwa sababu hiyo tu.

Na siri za watu alizitunza. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi walimjia bila hofu. Hakuna jina lililowahi kusikika sokoni.

Sisi wauguzi vijana ametulea. Alitufundisha kumsalimia mgonjwa kwanza, ndipo umguse. Tutaendelea hivyo hivyo.

Kwa haya yote, zahanati na wanakijiji tunamtunuku Sista Tulinagwe Tuzo ya Utumishi Uliotukuka. Cheti hiki hapa. Na pale nje, chini ya mti, amefungwa mtamba wa maziwa tuliomchangia sote. Majani yake yamekatwa na vijana aliowapokea yeye mwenyewe siku waliyozaliwa. Wameahidi kuyakata hadi atakapozaa.

Sista, njoo mbele upokee. Wote tusimame, tumpigie makofi na vigelegele.

Pumzika sasa, mama yetu. Lima migomba yako, cheza na wajukuu. Na uje kututembelea, hata kama huumwi. Chai itakuwepo.

Ndaga fijo, Mama. Asante sana.