Usiku wa tarehe 6

Jioni ile sikuwa na presha kabisa. Ripoti ya mwezi inatakiwa wilayani tarehe 7, ila mimi hesabu zangu nilishajumlisha zote kwenye Ekseli, zimelala kwenye eksteno, kazi iliyobaki ni kuamka asubuhi nizihamishie kwenye fomu nikiwa nimesimama pale kwenye kichuguu nyuma ya choo cha zahanati, maana ndo sehemu pekee mtandao unashika. Nikala ugali wangu na dagaa, saa 2 usiku nikarudi ofisini nihakikishe tu mara ya mwisho. Ofisi yenyewe ni chumba cha chanjo, meza yangu imebanwa na friji.

Nikachomeka. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Halafu ikaanza tik... tik... tik, kama mjusi yuko ndani.

```
E:\ is not accessible.
```

Nikachomoa, nikahamisha tundu, nikapuliza (sijui kwa nini huwa tunapuliza). Ikaja mbaya zaidi.

```
You need to format the disk in drive E: before you can use it.
```

Aisee. Usingizi na woga vikikutana ni hatari, mshale ulishafika juu ya neno Format disk, nikautoa mkono kama nimeshika sufuria ya moto. Nikabonyeza Cancel nikampigia mganga mfawidhi, yuko msibani kijiji cha pili.

"Shikamoo dokta."
"Marahaba, vipi tena usiku huu?"
"Ile eksteno imegoma."
"Si uliniambia una kopi?"
"Kopi ndo hiyohiyo dokta."

Akanyamaza, nikawa nasikia kwaya ya msibani tu. Mwisho akasema, "Sasa si ufungue kabati? Vitabu vya MTUHA vimeenda wapi?"

Kweli vilikuwepo, ila kuanza upya mwezi mzima usiku mmoja jamani. Nikatandaza karatasi chini ya taa ya sola, Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje kwanza, mstari kwa mstari, umri, jinsia, ugonjwa, napiga fimbo nne ya tano inakata juu. Malaria, malaria, kikohozi, kuhara, malaria. Saa 5 nikamaliza nikaingia cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, saa 7 taa ikaanza kufifia nikawasha tochi ya simu nikaibana kwa kidevu. Ukitaka kujua mwandiko wa watu usome daftari la zahanati usiku, kuna 7 nimeisoma mara tatu kumbe ni 1.

Cha 12 ndo kilinishika. Mwezi ule kwenye Ekseli nilikuwa na waliojifungua 11, hiyo namba naikumbuka kichwani, sasa nahesabu inakuja 12. Narudia, 12. Nikafuata kwa kidole mpaka nikamkuta, ameandikwa chini kabisa kwenye ukingo, nje ya mistari, kwa kalamu nyekundu, na neno "njiani". Ukiwa unanakili haraka mchana huku mtu anakuuliza kadi yake iko wapi, unamruka vizuri tu.

Saa 11 alfajiri sista wa zamu akaingia na chai ya rangi, akaona macho yangu akacheka. Akaishika eksteno, akaangalia ile ncha pana ya waya. "Mdogo wangu, huu waya umekatika hapa shingoni, hujauona?" Akatoa kwenye pochi waya wa chaji ya simu yake ya zamani, ile ncha ndogo. Nikamwambia sista haiwezi kuingia, tundu ni pana. Tundu lina pande mbili bwana, ule upande mkubwa ndo huohuo wa simu za zamani, na ukaingia kama umezaliwa humo. Taa ikawaka ikatulia, hakuna tik, mafaili yote hayo hapo, yanafunguka polepole lakini yanafunguka. Nilitamani nilie. Kitu cha kwanza nikayanakili yote kwenye laptopu, kabla hata ya chai.

Halafu nikafungua karatasi ya mwezi. 11. Kwenye daftari 12.

"Sasa sista, dokta ameshaona hii ya 11, nitume ipi?"

Akavuta kile kitabu, akaweka kidole kwenye ile kalamu nyekundu.

"Huyu nilimpokea mimi pale darajani saa 9 usiku, dereva wa boda ndo kanishikia tochi. Usiniambie hayupo."

Nikachukua simu na karatasi zangu nikaenda kichuguuni.