Hisabati ya Juu, Karatasi ya Pili – Sehemu B: Namba Changamano

Muda: saa 1 na dakika 15. Jumla ya alama: 50.

Jibu maswali yote saba. Onyesha kila hatua ya kazi yako. Jibu tupu, hata likiwa sahihi, halitapewa alama zote. Kikokotoo kinaruhusiwa katika swali la 1(d) na la 4(b) tu. Kwingineko acha vipeuo na π kama vilivyo.

Katika sehemu hii i² = −1. Ikiwa z = a + bi, ambapo a na b ni namba halisi, basi z̄ = a − bi ni mwenza wa z, na |z| = √(a² + b²) ni moduli yake. Agumenti, arg z, hupimwa kwa radiani, nayo iwe ndani ya −π < arg z ≤ π. Agumenti iliyo nje ya mipaka hiyo itahesabiwa kuwa haijakamilika.

1. Umepewa z = 3 − 4i na w = 1 + 2i.

(a) Andika z̄, kisha tafuta |z|. (alama 2)

(b) Andika z/w katika umbo la a + bi. Hatua ya kuzidisha kiasi na asili kwa mwenza wa asili lazima ionekane. (alama 3)

(c) Kwa kutumia jibu lako la (b), hakiki kwamba |z/w| = |z|/|w|. (alama 2)

(d) Tafuta arg(z/w) kwa nafasi mbili za desimali. Kabla ya kubonyeza kikokotoo, tazama namba yako imeangukia robo ipi ya mchoro. (alama 2)

2. Mwanafunzi mmoja alitakiwa kutafuta agumenti ya z = −√3 + i. Aliandika hivi:

tan θ = 1/(−√3), kwa hiyo θ = −π/6.

(a) Chora mchoro wa Argand unaoonyesha z na z̄. Mchoro wa mkono unatosha, mradi mihimili yote miwili iwe na majina. (alama 2)

(b) Mstari wake wa kwanza ni sahihi. Eleza kwa sentensi moja au mbili kwa nini hitimisho lake si sahihi, kisha toa agumenti sahihi. (alama 3)

(c) Andika moduli na agumenti ya z̄. (alama 2)

3. Tafuta namba halisi x na y ikiwa

(x + yi)(2 − i) = 8 + i.

Unaweza kugawanya, au kufungua mabano na kulinganisha sehemu halisi na sehemu za kufikirika. Njia zote mbili zina alama sawa. (alama 5)

4. Namba changamano z inatosheleza mlinganyo 2z − z̄ = 5 + 36i.

(a) Tafuta z. (alama 3)

(b) Tafuta |z|, na arg z kwa nafasi mbili za desimali. (alama 2)

5. Namba 2 − 3i ni jibu mojawapo la mlinganyo x² + px + q = 0, ambapo p na q ni namba halisi. Tafuta p na q. (alama 3)

6. Umepewa p = 1 + 7i, q = 4 + 3i, na u = p/q. Kwenye mchoro wa Argand, nukta P inawakilisha p, nukta Q inawakilisha q, na O ni nukta ya asili.

(a) Onyesha kwamba u = 1 + i. (alama 3)

(b) Tafuta |u| na arg u. (alama 2)

(c) Kwa kutumia (b), thibitisha kwamba

tan⁻¹ 7 − tan⁻¹(3/4) = π/4.

Uthibitisho kwa desimali hautakubaliwa: desimali zinakaribia tu, na hapa tunataka usawa kamili. (alama 3)

(d) Tafuta urefu wa OP, OQ na PQ, kisha onyesha kwamba pembetatu OPQ ina pembe mraba kwenye Q na pande mbili zilizo sawa. (alama 4)

(e) Bila kugawanya upya, andika thamani ya p̄/q̄. (alama 1)

7. Namba changamano z ina |z| = 1, na z ≠ −1.

(a) Onyesha kwamba 1/z = z̄. (alama 2)

(b) Hakiki matokeo ya (a) kwa z = (3 + 4i)/5. (alama 2)

(c) Sasa chukua

v = (z − 1)/(z + 1).

Zidisha kiasi na asili kwa mwenza wa z + 1, kisha thibitisha kwamba sehemu halisi ya v ni sifuri kwa kila z ya namna hiyo. Mfano mmoja, hata huo wa (b), hauwezi kuwa uthibitisho; fanya kazi na z yenyewe na utumie z·z̄ = 1. (alama 4)