Maombi ya likizo ya msiba kwa siku 14

SIRI: ifunguliwe na mwandikiwa pekee

Upendo Mwaisumo,
Idara ya Fedha,
Kihonda, Morogoro.

Tarehe 11 Agosti 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Ofisi ya Utawala,
Kiwandani.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MSIBA KUANZIA TAREHE 11 HADI 24 AGOSTI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhasibu msaidizi katika Idara ya Fedha. Naomba likizo ya siku 14, kuanzia leo Jumatatu tarehe 11 hadi Jumapili tarehe 24 Agosti 2025. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 25.

Sababu ni msiba. Mimi na mume wangu tumempoteza mtoto tuliyekuwa tukimngoja. Ilitokea katika mapumziko haya ya Nanenane. Mengine yote ni yetu na daktari, nami naomba nisilazimike kuyaandika hapa wala kuyaeleza baadaye.

Najua barua ya likizo hupitia kwa Mhasibu Mkuu. Hii nimemkabidhi mume wangu ailete mkononi mwako moja kwa moja. Sina jambo lolote na Mhasibu Mkuu, amenilea kikazi kwa miaka minne. Ila barua inayopita kwake hupokelewa mapokezi, hugongwa muhuri, huandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia pamoja na kichwa chake, na daftari lile liko wazi mezani kutwa nzima. Utakapozungumza naye, nitashukuru ukimweleza kwamba nimefiwa na kwamba umeniruhusu. Akitaka kujua zaidi, mimi mwenyewe nitamwambia siku nitakayoweza.

Nakiri kwamba nilianza kuandika barua nyingine. Nyumbani nilishauriwa niseme nina malaria, na wapo wengi waliopitia haya wakasema hivyo, wala siwalaumu. Nikaandika mstari wa kwanza, nikaufuta. Dawa ya malaria humezwa siku tatu. Siku ya nne au ya tano ningekuwa mezani kwangu, na mtu mwema angepita na kuniuliza mtoto anaendeleaje tumboni, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa inajua na ilikuwa inafurahi pamoja nami. Ningemjibu nini? Kwa hiyo nimeona bora mtu mmoja ofisini aujue ukweli, na mtu huyo awe wewe, Mama, kwa kuwa ndiye mwenye dhamana ya mafaili yetu na ya siri zilizomo.

Kuhusu siku ninazoomba, nimezipanga hivi. Siku 4 za mwanzo, tarehe 11 hadi 14, naomba zihesabiwe kuwa likizo ya msiba yenye malipo. Siku 10 zinazofuata, tarehe 15 hadi 24, zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Katika siku 28 za mwaka huu nilitumia 7 mwezi Aprili, nina 21, na baada ya hizi zitabaki 11.

Siku 4 nimeziomba nikiwa nimesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 34 kinampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo anapouguliwa au kufiwa na mtoto, na pia anapofiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Kifungu hicho kinasema mtoto. Hakikutaja mahali tulipofika sisi. Sitaki barua hii iwe mabishano ya tafsiri ya sheria. Kwetu alikuwa mtoto, na tumemlilia kama mtoto. Naomba tu ofisi yako itumie nafasi iliyonayo ya kuwa na huruma. Ikionekana haiwezekani, siku hizo 4 nazo zikatwe kwenye likizo ya mwaka. Sitakata rufaa wala sitanung'unika.

Najua pia kwamba ipo likizo ya ugonjwa, na daktari ameniandikia ED. Nimeiweka nyumbani. Sijaiambatisha kwa sababu karatasi za hospitali zikishaingia kwenye mzunguko wa ofisi hupitia mikono mingi, na kila mkono una macho. Ikilazimika kuonekana, nitaileta kwako ndani ya bahasha, uisome, kisha ibaki kwenye faili lililofungwa. Na ikitokea kwamba tarehe 25 bado sijaweza kurudi, nitakujulisha mapema na kuomba likizo hiyo ya ugonjwa kwa utaratibu wake. Natumaini haitafika huko.

Mwezi Julai niliwasilisha taarifa ya likizo ya uzazi ya siku 84, ambayo ingeanza Desemba. Naomba taarifa hiyo ichukuliwe kuwa nimeiondoa leo. Na hapa nina ombi ambalo ni dogo kwa maandishi lakini kwangu ni kubwa kuliko hayo mengine yote. Kwenye ukuta wa ofisi yetu, nyuma ya mashine ya kunakilisha, kuna kalenda ya likizo za idara. Jina langu limechorewa mstari wa kalamu ya kijani kuanzia Desemba kwenda mwaka mpya, na mwenzetu mmoja kwa upendo wake amechora kiatu kidogo pembeni. Naomba karatasi hiyo ibadilishwe kabla sijarudi. Isifutwe kwa wino mweupe, kwa sababu alama itabaki na kila mtu ataulizia. Ichapwe upya tu, kama vile ratiba imebadilika kwa sababu za kazi.

Kwa wafanyakazi wenzangu, naomba maneno yafuatayo na yasizidi: "Upendo amepata msiba wa kifamilia, yuko nyumbani, atarudi tarehe 25." Yasiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda. Nawajua wenzangu. Wakisikia msiba tu, daftari la mchango litazunguka kuanzia mapokezi hadi ghala la malighafi, na Jumamosi watakodi Noah waje kutoa pole. Ni desturi yetu nzuri, hata mimi nimekuwa mweka hazina wa michango hiyo mara nyingi. Safari hii naomba wanisamehe. Sina mahali pa kuketisha watu, na sina nguvu ya kujibu marehemu ni nani. Zaidi ya hapo, kuna faraja ambazo hutolewa kwa nia njema kabisa, kama vile kwamba bado tu vijana, au kwamba Mungu atatupa mwingine. Tunaamini atatupa apendavyo. Ila kwa sasa tunamlilia huyu.

Mtu mmoja tu ningependa aambiwe yote, naye ni Dada Hadija wa stoo. Tafadhali mwite ofisini kwako umweleze wewe mwenyewe, nimeshindwa kumpigia simu. Ana kazi moja ya kunisaidia. Kwenye droo ya pili ya meza yangu kuna mfuko wa nailoni wenye uzi mweupe, sindano mbili na sweta ndogo iliyofika kwenye mikono. Nilikuwa naifuma saa ya chakula cha mchana. Droo hiyo ndiyo yenye ufunguo wa kabati la ankara, kwa hiyo atakayeshika nafasi yangu lazima aifungue. Naomba Dada Hadija auchukue mfuko huo kabla mtu huyo hajafika, akae nao kwake. Asiutupe.

Upande wa kazi, sijaacha jambo lililovunjika. PAYE na SDL za Julai niliziwasilisha Alhamisi tarehe 7, na risiti za malipo ziko kwenye faili la bluu, la juu kabisa. Kinachobaki ndani ya siku hizi ni ritani ya VAT ya Julai, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Agosti. Jedwali la mauzo nimelimaliza na limelingana na ripoti za Z za mashine ya EFD siku zote isipokuwa tarehe 23 Julai, siku umeme ulipokatika jioni: ripoti ya siku ile ilitoka asubuhi iliyofuata, kwa hiyo ziko mbili zenye tarehe 24. Hakuna fedha iliyopotea, ni tarehe tu. Upande wa manunuzi, ankara tatu za sponji bado hazijaletwa na msambazaji wa Dar es Salaam. Zisipofika kufikia tarehe 18, ritani iende bila hizo, na kodi yake tutaidai mwezi utakaofuata. Mwenzangu wa dawati la manunuzi anaijua kazi hii, tuliifanya pamoja mwezi Mei.

Michango ya NSSF ya Julai ina muda hadi mwisho wa Agosti, nitaishughulikia nikirudi. Mishahara ya Agosti vilevile. Madaftari ya muda wa ziada kutoka zamu ya usiku yakishaletwa tarehe 20, yafungiwe kabatini. Siku tatu zinanitosha kuandaa orodha, na mishahara itatoka tarehe 28 kama kawaida. Sitapenda mfanyakazi hata mmoja acheleweshewe mshahara kwa sababu yangu.

Simu yangu nitaizima mchana. Mama yangu amefika jana kutoka Tukuyu, na amesema kwa siku hizi yeye ndiye anayepanga nani aniamshe. Likitokea jambo la kiofisi lisiloweza kungoja, tafadhali utume ujumbe mfupi wa maandishi, nami nitausoma jioni baada ya saa kumi na mbili. Ukipenda jibu la barua hii limfikie mume wangu, atapita getini kesho saa saba mchana, naye atangoja nje. Sina haja ya maelezo marefu. Hata neno "imeruhusiwa" na sahihi yako chini yake litatosha.

Nitakaporudi, naomba niingie kama siku nyingine yoyote. Nisiitwe ofisini kupewa pole, nisipunguziwe kazi bila kuulizwa. Nikihitaji kutoka nje dakika tano nitatoka, kisha nitarudi mezani. Nikiona mzigo ni mzito nitakuja kwako mwenyewe na kusema.

Natanguliza shukrani zangu za dhati kwa muda wako na kwa stara yako.

Wako mtiifu,

(sahihi)

Upendo Mwaisumo
Mhasibu Msaidizi

Ndani ya bahasha hii: ufunguo wa meza yangu mmoja, wenye utepe mwekundu, wa kumpa Dada Hadija.

Nakala: hakuna.